Viza imekataliwa, ndege imeenda bila msafiri: makuta ya kodi yanabaki kwa nani?

Katika miji ya Goma, Bukavu, Uvira na Butembo, jamaa nyingi zinajua habari hii. Mtoto aliye Ulaya anamnunulia mama yake tiketi ya ndege, kwa sababu ubalozi unaomba kuona safari iliyopangwa. Wiki tatu kisha, jibu linakuja: viza imekataliwa. Jamaa inapiga simu kwenye ajensi iliyouza tiketi, na inajibiwa kwa maneno mawili tu: tiketi hairudishwi. Watu wanalia hasara, wanasema ni Mungu anajua, na habari inaishia hapo.

Lakini jibu lile la ajensi ni nusu ya ukweli. Bei ya tiketi haiko kitu kimoja. Ndani yake muna bei ya kampuni ya ndege, na muna pia kodi na malipo ya uwanja wa ndege ambayo kampuni inayakusanya kwa niaba ya wengine. Kampuni inaweza kusema kwamba bei yake hairudishwi, maana msafiri alikubali sharti hilo pale aliponunua tiketi ya bei ya chini. Juu ya sehemu ya pili, neno hilo halina msingi. Kodi inayolipwa kwa sababu mtu amepanda ndege haina sababu ya kulipwa kama mtu huyo hakupanda.

Ili kuelewa, inafaa kuangalia njia ambayo makuta yanapita. Siku ya kununua tiketi, msafiri analipa yote kwa mara moja, na makuta yanaingia kwa kampuni ya ndege. Kampuni haipeleki kodi ya uwanja siku ile ile. Inangojea ndege iruke, inahesabu wasafiri waliopanda kweli, kisha inalipa uwanja na serkali ya nchi kufatana na hesabu hiyo. Kama kwenye ndege kulipandishwa watu 140 na tiketi zilizouzwa zilikuwa 150, kwa kodi za namna hiyo kampuni inalipa za watu 140. Za wale 10 waliobaki nyumbani hazikuenda uwanjani wala kwa serkali. Zimebaki kwenye sanduku la kampuni. Kama hakuna mtu anayeziomba, zinageuka polepole kuwa faida yake.

Hapo ndipo shida yote ilipo. Kampuni haikufanya kazi yoyote ili kupata makuta hayo, na haikuyatumia kulipa mtu. Ilipewa yapitie kwake tu. Mtu anayetumwa sokoni na makuta ya jirani, akakuta duka limefungwa, hawezi kurudi na kusema kwamba makuta yamekuwa yake.

Msafiri anayetaka kujua ni kiasi gani kinachomhusu aanzie kwenye karatasi ya tiketi yenyewe, ile inayokuja kwa imeli na yenye namba ya tarakimu 13. Chini yake, mara nyingi kwenye ukurasa wa mwisho, kuna mistari ya bei. Mstari wa FARE unaonyesha bei ya kampuni. Mistari ya TAX inafuata, kila mmoja na kiasi na herufi mbili. Kisha kuna TOTAL. Kama kodi ni nyingi, zingine zinakusanywa pamoja chini ya herufi XT, na mgawanyo wake unaandikwa kwa maandishi madogo kwenye mstari wa hesabu ya bei. Ajensi iliyouza tiketi inauona mgawanyo huo wote kwenye mashine yake. Mteja anayeuomba anaomba kitu ambacho kiko tayari mbele ya macho ya muuzaji.

Kuna mtego mmoja ambao unawaangusha wengi. Kati ya mistari hiyo ya TAX, herufi mbili haziko kodi: YQ na YR. Hayo ni malipo ambayo kampuni yenyewe inayaweka, ikisema ni juu ya mafuta, bima ao gharama zingine. Yanaandikwa pahali pa kodi, lakini hakuna serkali wala uwanja unaoyapokea. Kwa safari ndefu, YQ inaweza kuwa kubwa kuliko kodi zote zingine zikiwa pamoja. Kwa hiyo msafiri anayejumlisha kila kitu kilicho chini ya FARE na kuomba chote, atajibiwa kwamba amekosea, na pengine atakata tamaa. Kurudishwa kwa YQ kunategemea masharti ya tiketi: kampuni zingine zinairudisha, zingine zinaihesabu kama sehemu ya bei. Yanayodaiwa bila wasiwasi ni yale mengine, hasa malipo ya uwanja ya msafiri anayeondoka, malipo ya usalama, na kodi ya serkali inayofungwa na kupanda ndege.

Mfano wa kuhesabu unasaidia. Chukuwa binti anayeishi Lille, kule Ufaransa, ambaye anataka mama yake atoke Bukavu kuja kumuona mtoto aliyezaliwa. Mama atapita kwa barabara mpaka Kigali, kisha ndege mpaka Paris, kwenda na kurudi. Binti ananunua tiketi kwenye ajensi ya intaneti ya Ufaransa, kwa euro 812. Ajensi inaongeza euro 25 za kazi yake. Kwenye tiketi, FARE ni 430, YQ ni 246, na kodi zingine zote ni 136. Kati ya hizo 136, euro 51 ni za kuondoka Kigali, euro 45 ni za uwanja na usalama wa Paris siku ya kurudi, na euro 40 ni kodi ya mshikamano ya Ufaransa. Viwango vya mfano huu ni vya kuhesabia tu, isipokuwa hizo 40 za mwisho: tangu tarehe 1 mwezi wa tatu 2025, Ufaransa inaomba euro 40 kwa kila msafiri wa daraja la kawaida anayeondoka kwenda nchi za mbali, zile zilizo zaidi ya kilometa 5500, na Rwanda iko katika kundi hilo.

Viza inakataliwa. Tiketi imeandikwa NON REF. Binti anapoteza 430 za FARE, na kama masharti yanasema hivyo, anapoteza pia 246 za YQ. Euro 25 za ajensi hazirudi, maana kazi ya kuuza ilifanyika. Lakini 136 ni zake. Kama ilikuwa tiketi ya mama, baba na wadogo wawili wenye kulipa kodi hizo hizo, ingekuwa mara nne, ni kusema euro 544. Kwa jamaa ambayo imekopa ili kununua tiketi, hayo hayako makuta ya kuachia mtu.

Kwa mfano huu, sheria inasema waziwazi. Katika sheria ya Ufaransa juu ya wateja, kifungu L224-66 kinalazimisha kampuni za ndege na wauzaji wa tiketi kurudisha kodi na malipo yaliyoonyeshwa kwenye bei, ambayo yanadaiwa kwa sababu ya kupanda ndege, ikiwa tiketi haikutumika na haina tena uwezo wa kutumika. Kurudisha kunapaswa kufanyika kwa muda wa siku 30 tangu ombi kuwekwa. Ombi likiwekwa kwa intaneti, ni bure. Likiwekwa kwa njia nyingine, muuzaji anaweza kukata gharama, lakini zisipite 20% ya kiasi kinachorudishwa. Kwa binti wa Lille, akijaza fomu kwa intaneti anapata 136 kamili. Akituma barua, muuzaji anaweza kukata mpaka 27,20, na binti anabaki na 108,80. Tofauti hiyo peke yake inaonyesha kwa nini njia ya kuomba ina maana.

Sheria hiyo haiangalii kama tiketi ni ya kurudishwa ao hapana. Ilitungwa hasa kwa zile zisizorudishwa. Kwa hiyo mfanyakazi wa ajensi anayejibu kwamba tiketi ni NON REF hajajibu ulizo lililoulizwa. Anazungumza juu ya FARE wakati mteja anauliza juu ya kodi. Mteja anayeandika tu "nataka kurudishiwa tiketi" anamfungulia mlango wa kukataa. Anayeandika "naomba kurudishiwa kodi na malipo ya uwanja ya tiketi namba hii, ambayo haikutumika, kufatana na kifungu L224-66" anaufunga mlango huo.

Ulaya nzima ina pia kanuni namba 1008 ya mwaka 2008, ambayo inalazimisha bei ya mwisho ionyeshe kando bei ya kampuni, kodi, malipo ya uwanja na malipo mengine. Mwaka 2017, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua katika kesi ya kampuni ya Ujerumani Air Berlin, ambayo ilikuwa inakata euro 25 kwa kila mteja aliyeomba kurudishiwa baada ya kuvunja safari ao kukosa ndege. Mahakama ilisema kwamba uhuru wa kampuni kupanga bei zake hauzuie sheria ya nchi inayolinda wateja kufuta sharti la namna hiyo kama ni la dhuluma. Uamuzi huo unagusa jambo ambalo watu wa Kivu wanalijua vizuri: gharama ya kurudisha inayomeza chote kilichopaswa kurudishwa.

Kuna pia hali ya katikati. Mama anapata viza, anafika Lille, lakini anashikwa na ugonjwa na siku ya kurudi inapita. Hapo hawezi kuomba 136 zote. Euro 51 za Kigali zilitumika siku aliyopanda. Zinazobaki ni za upande wa Paris: 45 na 40, jumla 85. Kanuni ni rahisi: kila kodi inafuata kipande chake cha safari, na kipande ambacho hakikutumika kinarudi na kodi zake.

Mpaka hapa habari ilikuwa ya tiketi iliyouzwa Ufaransa. Tiketi nyingi za watu wa mashariki mwa Kongo hazinunuliwi huko. Zinanunuliwa kwa dola, mkononi, kwenye ajensi ya Bukavu, Goma ao Kigali. Hapo kifungu cha Ufaransa hakifuate, na msafiri anategemea masharti ya kampuni. Kampuni nyingi kubwa zinaandika katika masharti yao kwamba kodi za tiketi isiyotumika zinarudishwa hata kama bei hairudishwi. Mahali pa kutazama ni masharti ya bei, ambayo ajensi inaweza kuyachapa kabla ya mteja kulipa. Ulizo la kuuliza siku ya kununua ni moja tu: nisiposafiri, kodi zinarudishwa, na mnakata ngapi? Jibu liandikwe kwenye risiti.

Shida kubwa ya ajensi zetu iko kwenye mnyororo. Ajensi ndogo ya mtaani mara nyingi haina kibali cha IATA cha kutoa tiketi. Inanunua kwa ajensi kubwa ya Kinshasa, Kigali ao Kampala, ambayo ndiyo inatoa tiketi kwenye mfumo. Kampuni ya ndege inarudisha makuta kwa yule aliyetoa tiketi. Yule anapaswa kuyarudisha kwa ajensi ndogo, na ajensi ndogo kwa mteja. Kwa kila mkono yanapopita, yanaweza kusimama. Mteja anayengojea Bukavu anaambiwa kila wiki kwamba kampuni haijajibu, na hana njia ya kujua kama ni kweli.

Kumbe njia iko. Kila kipande cha tiketi kina hali yake kwenye mfumo wa kampuni. Kikiwa hakijatumika, kinaonyeshwa OPEN. Kikiisha kutumika, kinakuwa USED ao FLOWN. Makuta yakiisha kurudishwa kwa aliyetoa tiketi, kinaandikwa REFUNDED. Mteja mwenye namba yake ya tarakimu 13 anaweza kwenda kwenye ofisi ya kampuni ya ndege, ao kuandika kwao moja kwa moja, na kuuliza hali ya tiketi yake. Wakijibu kwamba ni OPEN, makuta hayajarudishwa, na mara nyingi ni alama kwamba ajensi haijaomba kitu, hata kama inasema inangojea. Wakijibu REFUNDED pamoja na tarehe, makuta yalikwisha kutoka kwa kampuni, na anayepaswa kuulizwa ni ajensi. Neno hilo moja linamaliza miezi ya kuzungushwa.

Mambo mengine mawili yanaharibu haki hiyo bila mtu kujua. La kwanza ni muda. Tiketi kwa kawaida ina uzima wa mwaka mmoja tangu siku ya kutolewa, na ajensi nyingi haziwezi tena kurudisha kwa mfumo kama muda huo umepita sana. Msafiri aliyenyimwa viza anapaswa kuomba mara moja, asingojee rufaa ya ubalozi imalizike mwaka ujao. La pili ni kukosa ndege bila kusema. Kampuni nyingi zinaweka faini kwa mtu ambaye hakujitokeza na hakuvunja nafasi yake mbele ya safari, na zinavunja pia vipande vilivyobaki, hata kile cha kurudi. Kodi za vipande hivyo zinabaki za msafiri, lakini madai yanakuwa magumu zaidi. Imeli fupi ya kuvunja safari, iliyotumwa mbele ya ndege kuondoka na kuwekwa vizuri, inazuia mabishano mengi.

Pia makuta yanarudi kwa njia yaliyotokea. Kama binti wa Lille alilipa kwa karte yake ya benki, 136 zitarudi kwenye karte hiyo, si kwa mama kule Bukavu. Kwa hiyo ombi liwekwe na aliyelipa. Jamaa ambazo mama anakimbia kwenye ajensi ya Bukavu juu ya tiketi iliyolipwa Ulaya zinapoteza wakati bure.

Haya yote ni kwa msafiri ambaye mwenyewe hakwenda. Ni kosa kubwa kuyachanganya na hali ya kampuni kuvunja safari. Pale ndege inapofutwa na kampuni, msafiri haombi kodi peke yake. Anaomba tiketi nzima, FARE, YQ na kodi. Kwa ndege inayoondoka Ulaya, na kwa ndege ya kampuni ya Ulaya inayokwenda kule, kanuni ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inasema hivyo: msafiri akichagua kurudishiwa, alipwe ndani ya siku 7, na asipewe bon ya safari nyingine bila yeye mwenyewe kukubali kwa kutia sahihi.

Wakaaji wa Kivu walilipa bei ya mchanganyiko huo mwanzoni mwa mwaka 2025. Ndege za raia zilisimama Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza, wakati vita ilipoingia mjini, na Kavumu ikafuata mwezi wa pili. Watu walibaki na tiketi za safari ambazo hakuna aliyeweza kuzifanya. Ni kweli kwamba vita haikuletwa na kampuni za ndege, na hakuna anayeweza kuziomba fidia juu yake. Lakini kurudisha bei si fidia. Ni kurudisha makuta ya kazi ambayo haikufanyika. Mtu wa namna hiyo akipewa kodi peke yake, ao bon ya safari inayoondoka kwenye uwanja ambao haufanyi kazi, hajarudishiwa haki yake.

Inabaki habari ya Go-Pass, ambayo ni ya kwetu peke yetu. Ilianza mwaka 2009 kwenye viwanja vya RVA: dola 10 kwa safari ya ndani ya nchi na dola 50 kwa safari ya nje, ili kujenga na kutengeneza viwanja. Tofauti yake na kodi za tiketi ni kwamba msafiri ameizoea kama karatasi anayoinunua kando, kwenye gishe ya uwanja. Ikinunuliwa namna hiyo, haiandikwi kwenye mistari ya TAX, na kampuni ya ndege haiipokei. Kwa hiyo kuiomba kwa kampuni ni kubisha mlango ambao siyo wake. Makuta yamekwisha kuingia kwa RVA, ambayo ni ya leta.

Hapo msafiri ana njia moja ya kujilinda, nayo ni rahisi: asinunue Go-Pass mbele ya kuandikishwa kwenye gishe ya kampuni na kuhakikishiwa kwamba ndege imefika ao inakuja. Kwa safari zetu za ndani, ambapo ndege inaweza kufutwa saa ya mwisho juu ya mvua ao juu ya mashine, kukimbilia karatasi asubuhi mapema ni kujiweka kwenye hatari ya bure. Na kama ndege imefutwa kisha karatasi kununuliwa, msafiri aiweke, asiiache kwa mtu yeyote, na aombe kampuni imwandikie kwamba safari ilifutwa. Bila karatasi hizo mbili hana kitu cha kuonyesha.

Kampuni na ajensi zina jibu lao, na linastahili kusikilizwa. Zinasema kwamba kurudisha kunaomba kazi ya watu na gharama ya benki, na kwamba kwa tiketi ya ndani yenye kodi ndogo, kazi inaweza kupita kiasi chenyewe. Zinasema pia kwamba tiketi ya bei ya chini ni ya bei ya chini kwa sababu mteja alikubali hatari. Jibu la pili linafaa kwa FARE na halifai kwa kodi, maana bei ya chini inatoka kwenye FARE. Kodi ya uwanja ni ile ile kwa aliyelipa kidogo na kwa aliyelipa sana. Jibu la kwanza lina ukweli, na ndiyo sababu Ufaransa iliruhusu kukata gharama, lakini ikaweka mpaka wa 20% na ikafanya njia ya intaneti kuwa bure. Gharama yenye mpaka inaeleweka. Gharama isiyo na mpaka ni njia nyingine ya kukataa.

Kongo ina sheria yake juu ya usafiri wa anga, namba 10/014 ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2010, na ina mamlaka ya kuisimamia, AAC. Kanuni inayoombwa hapa haihitaji makuta ya leta wala ofisi mpya. Inaweza kushikwa kwa mambo matatu. Kila tiketi inayouzwa nchini, hata ya ndani, ionyeshe kando bei ya kampuni, YQ na kila kodi. Kodi zinazotokana na kupanda ndege zirudishwe kwa asiyepanda, kwa muda ulioandikwa na kwa gharama yenye mpaka, na aliyeuza tiketi awe ndiye anayejibu mbele ya mteja, hata kama yeye alinunua kwa mwingine. Na Go-Pass ya ndege iliyofutwa ikubaliwe kwa safari inayofuata, bila kumlipisha msafiri mara ya pili.

Jambo la tatu ndilo litakaloonyesha kama leta inaamini inachoomba kwa wengine. Haiwezi kuambia kampuni za ndege kwamba kodi isiyotumika ni ya msafiri, na wakati ule ule kushikilia makuta ya Go-Pass ya mtu ambaye ndege yake haikuja. Kama kodi ni ya kupanda, aliyepanda alipe, na asiyepanda arudishiwe. Mpaka siku hiyo ifike, kila jamaa yenye tiketi ya zamani kwenye simu ao kwenye sanduku ya imeli ina kazi ya dakika kumi: kutafuta namba ya tarakimu 13, kusoma mistari ya TAX, kuacha YQ na YR kando, na kuandika kiasi kinachobaki kwenye ombi lake.